Saa ishirini za Uingereza: hesabu ya mwanafunzi anayetakiwa kutuma pesa nyumbani

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu mjini Leicester ni saa tano na nusu kule Tanga. Binti ametoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, yuko kwenye basi, kichwa amekiegemeza kwenye kioo cha baridi. Simu inatikisika. Ni ujumbe wa sauti wa mama: mdogo wake anaingia kidato cha kwanza Januari, sanduku bado, godoro bado, "na ukituma mwanangu, tuma na ya kutolea."

Binti huyu nimemkusanya kutoka kwa watu kadhaa niliosoma nao, na kipande kimoja au viwili ni vyangu mimi mwenyewe. Anasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, mwaka wa masomo 2025/26. Nimemchagua wa uzamili kwa sababu ndio wanaojaa ndege za Septemba, na ndio sheria inayowatega kuliko wa shahada ya kwanza. Mwaka wao ni mmoja tu na hauna nafasi ya kukosea kisha ukajirekebisha.

Nyumbani watu wanajua kwamba mwanafunzi wa ughaibuni "anabeba boksi". Boksi lenyewe lina uzito gani, na kwa saa ngapi, ndilo jambo nitakalolifungua hapa.

Wiki ya Jumatatu hadi Jumapili

Mwenye viza ya mwanafunzi anayesoma shahada kwa muda wote katika chuo kikuu anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Anayesoma kozi ya chini ya shahada kwa kawaida ana saa 10. Hilo kila mmoja analijua kabla hajapanda ndege. Wengi wasilolijua ni kwamba wiki hiyo si siku saba zozote unazochagua mwenyewe. Inaanza Jumatatu, inaisha Jumapili, na hakuna kufidia. Ukifanya saa 12 wiki hii, huwezi kufanya 28 wiki ijayo ukadai kwamba wastani ni 20. Wiki ya saa 28 ni kosa peke yake, hata kama wiki zote zilizotangulia ulikuwa umelala.

Sasa angalia kazi yenyewe. Nyumba nyingi za wazee hupanga shifti za saa 12: za mchana kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na za usiku kinyume chake. Shifti mbili ni saa 24. Hata mwajiri akikutolea saa moja ya mapumziko katika kila shifti, unabaki na 22. Kwa hiyo shifti mbili ndani ya wiki moja, ambazo machoni pa mtu mgeni zinaonekana kazi kidogo sana, tayari zimevunja masharti ya viza.

Binti wa Tanga alilitatua hili kwa usiku wa Jumapili. Akiingia Jumapili saa mbili usiku, saa nne za kwanza mpaka saa sita ya usiku wa manane ni za wiki inayoisha. Saa nane zinazobaki, mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi, ni za wiki inayoanza. Basi wiki ya kwanza anafanya shifti moja ya mchana Jumatano, saa 12, na zile nne za Jumapili: jumla 16. Wiki ya pili ana zile nane za alfajiri ya Jumatatu, kisha shifti ya saa 12 Jumamosi: jumla 20 kamili. Wiki ya tatu anaanza upya. Ni shifti tatu kila wiki mbili, saa 36, wastani wa 18 kwa wiki.

Kwenye karatasi mpango huu hauna kasoro. Shida yake ni ile Jumamosi. Saa mbili usiku inafika, anayekuja kumpokea amekwama njiani, na ndani kuna wazee kumi na wawili ambao huwezi kuwaachia ukuta. Anasubiri dakika 40. Wiki hiyo sasa ina saa 20 na dakika 40, na sheria haina kifungu cha "mwenzangu alichelewa". Mimi ningeomba shifti ya Jumamosi iishe saa kumi na mbili jioni, nikapoteza pauni ishirini na nne na kubaki na saa mbili za akiba. Yeye aliziona hizo pauni ishirini na nne kuwa nyingi, na sikuwa na la kumbishia.

Anayehesabu ni mwanafunzi mwenyewe. Akiwa na kazi mbili, saa zote zinajumlishwa, na mwajiri wa pili hajui ya wa kwanza. Mafunzo ya lazima ya kazini unayolipwa ni saa za kazi. Kazi ya kujitolea yenye majukumu na ratiba kama ya mwajiriwa nayo huhesabiwa, hata kama hulipwi senti. Kumfanyia kazi mwajiri wa Dar es Salaam kwa kompyuta ukiwa chumbani kwako Leicester ni kazi pia. Binti alikuwa na daftari dogo, ukurasa mmoja kila wiki, Jumatatu juu na Jumapili chini. Hakuna programu iliyomsaidia kuliko daftari hilo, kwa sababu hati ya mshahara ya Uingereza mara nyingi huonyesha mwezi, nayo haikuambii wiki zimekatikia wapi.

Kukamatwa kwenyewe mara nyingi hakuji na askari mlangoni. Malipo yote yanaripotiwa na mwajiri kwa mamlaka ya kodi, HMRC, kila siku ya mshahara. Swali huja baadaye, mtu anapoomba viza nyingine na karatasi zake kuanza kupitiwa. Kuvunja masharti ya kazi ni kosa la jinai, na viza inaweza kufutwa. Mwajiri naye tangu Februari 2024 anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi asiyeruhusiwa, kwa kosa la kwanza. Ndiyo maana waajiri makini huomba barua ya chuo inayoonyesha tarehe za mihula. Asiyeomba kabisa ndiye wa kumwogopa.

Kuna kazi ambazo hata saa moja hairuhusiwi: zote za kujiajiri. Kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia zile programu za simu kumo, kwa kuwa waendeshaji huandikishwa kama waliojiajiri. Kukodi akaunti ya mtu mwingine ili upeleke chakula kwa jina lake ni kosa juu ya kosa. Na hapa ndipo ninapowaona dada zetu wakijikwaa bila kujua: kusuka nywele kwa malipo jikoni kwako, kupika pilau la shughuli ya Watanzania na kulipwa, kuuza vitenge ulivyobeba kwenye begi. Nyumbani tunaziita riziki ndogondogo. Kwa viza hii ni biashara.

Saa zisizoonekana kwenye ratiba

Ratiba ya uzamili inadanganya. Binti alipoipokea aliona vipindi Jumanne na Alhamisi tu, saa kumi au kumi na moja kwa wiki. Akawaza, kama nilivyowaza mimi, kwamba siku tano ziko wazi.

Vyuo vya Uingereza hupima masomo kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, maktaba, kuandika, mitihani, vyote pamoja. Shahada ya uzamili ina krediti 180, yaani saa 1,800. Muhula wa kwanza alikuwa na masomo manne ya krediti 15, ambayo ni saa 600. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi insha za katikati ya Januari kuna wiki 15 hivi. Gawanya, unapata saa 40 kwa wiki. Hizo kumi za darasani ni robo tu. Robo tatu nyingine hakuna anayekuitia.

Jumlisha 40 na 18 za kazi, ni 58, kabla ya basi, kupika na kufua. Inawezekana, watu wanafanya. Lakini saa za usiku hazilingani na saa za mchana. Aliyetoka shifti ya Jumapili usiku anafika nyumbani saa tatu asubuhi, analala mpaka saa tisa alasiri, na jioni ile akifungua kitabu anasoma aya moja mara nne. Shifti ya saa 12 imemla saa 24. Ratiba iliyotii sheria ya viza ilikuwa ndiyo inayomvunja mwili, na ilimchukua hadi Novemba kukubali kwamba Jumatatu moja kati ya mbili si siku ya kusoma. Akaacha kuiwekea mpango wowote.

Chuo nacho kinahesabu mahudhurio, kwa kuwa ndicho kilichomdhamini mbele ya serikali. Akipotea vipindi mfululizo bila sababu, kinaweza kuondoa udhamini, na viza kwa kawaida hufupishwa ikabaki siku 60. Kwa hiyo kuruka kipindi cha Alhamisi ili uchukue shifti ya dharura si suala la alama peke yake.

Pesa inayoingia, na inavyochelewa

Tangu Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na Aprili 2026 kikapanda kuwa 12.71. Tutumie cha kwanza, ndicho alichoanzia. Mtu akifanya saa 20 kila wiki ya mwaka bila kukosa hata moja, anapata pauni 244.20 kwa wiki, sawa na kama 1,058 kwa mwezi.

Iweke namba hiyo kando ya nyingine. Alipoomba viza kiangazi cha 2025, serikali ya Uingereza ilimtaka aonyeshe ana pauni 1,136 kwa kila mwezi wa kuishi nje ya London, kwa miezi tisa: pauni 10,224, zikae benki siku 28 mfululizo. Yaani makadirio ya serikali yenyewe ya gharama za mwezi yanazidi mshahara wote wa saa 20. Kazi iliyoruhusiwa haikupimwa ili imlishe mtu, sembuse kulipa ada au kujenga msingi wa nyumba Tanga.

Tatizo ni kwamba zile 10,224 mara nyingi si zake. Ni "pesa ya kuonyesha". Mjomba katoa, rafiki wa baba katoa, zimekaa siku zake benki, viza imetoka, na kila mmoja akarudishiwa chake. Binti alitua katikati ya Septemba akiwa na pauni 2,200 mkononi.

Alipata chumba katika nyumba ya watu watano kwa 480 kwa mwezi, umeme na maji ndani yake. Dhamana ilikuwa 480, nusu ya Septemba 240, Oktoba 480, Novemba 480. Hapo zimekwenda 1,680, na zimebaki 520 za chakula, basi, simu na koti la baridi hadi mshahara wa kwanza.

Na mshahara wa kwanza hauji haraka. Kufanya kazi na wazee kunahitaji uchunguzi wa rekodi za jinai, na mwajiri alitaka pia cheti cha polisi kutoka Tanzania. Akaanza kazi mwanzoni mwa Novemba. Hesabu za mishahara zilifungwa katikati ya mwezi, hivyo tarehe 28 Novemba alilipwa wiki mbili tu: saa 36, pauni 439.56. Kodi ya nyumba ya Desemba ilikuwa 480. Alikopa 150 kwa dada wa Kimalawi aliyeishi chumba cha chini.

Nyumbani, wakati huohuo, ilikuwa mwezi wa tatu tangu mtoto aende Ulaya na hajatuma kitu. Mjomba, yule wa pesa ya kuonyesha, alipiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vipi, kazi umepata?"

"Nimepata mjomba."

"Basi Mungu mkubwa. Usitusahau."

Angemwambia nini? Kwamba anadaiwa na mtu wa chumba cha chini?

Kwa makato, mwanafunzi wa saa 20 haumizwi sana akiijua njia. Mwaka wa kodi huanza 6 Aprili, na pauni 12,570 za kwanza hazina kodi ya mapato. Aliyeanza kazi Novemba ana kiasi hicho chote mpaka Aprili, na hawezi kukifikia. Bima ya taifa, NI, hukatwa asilimia 8 ya kinachozidi pauni 242 kwa wiki, au 1,048 kwa anayelipwa kwa mwezi, hivyo wiki za kawaida hazimgusi.

Kinachoumiza ni namba ya kodi. Mimi siku ya kwanza kazini nilipewa fomu ya mwajiriwa mpya, nikaiweka kwenye begi nikisema nitaijaza nyumbani, nikaisahau. Mshahara wangu wa kwanza ulikatwa moja ya tano yote. Kwenye hati ya malipo, pembeni kabisa, palikuwa pameandikwa 0T badala ya namba ya kawaida, 1257L. Maana yake mwajiri hakujua kama nina kazi nyingine, akanikata kuanzia pauni ya kwanza. Niliwapigia HMRC, namba ikabadilishwa, na pesa zikarudi ndani ya mshahara uliofuata. Ukiona BR, umehesabiwa kama mtu ambaye hiyo ni kazi yake ya pili. Dakika moja ya kutazama herufi hizo kila mwezi inatosha.

Desemba mwishoni alilipwa mwezi kamili, saa 72, pauni 879. Alilipa deni la 150, kodi ya Januari 480, akala kwa 200. Zikabaki 49.

Sasa Krismasi. Katika likizo rasmi za chuo kikomo cha saa 20 kinaondoka, na chuo chake kilihesabu Krismasi na Pasaka kuwa likizo hata kwa wa uzamili. Likizo yake ilianza Jumatatu 15 Desemba hadi Jumapili 11 Januari. Angeweza kufanya shifti tano kwa wiki, na msimamizi angemshukuru, kwa sababu wenyeji wote walitaka kuwa na watoto wao. Alichukua tatu, akaacha siku nne za wiki kwa zile insha. Saa 36 kwa wiki nne ni pauni 1,758, ikatolewa NI karibu 60. Hiyo ndiyo pesa ya kweli ya mwaka wake, na iliingia mwisho wa Januari.

Shule za Tanzania hufunguliwa Januari, mapema kuliko hapo. Godoro halikuweza kusubiri. Alichofanya, na nadhani ndilo jambo la busara kuliko yote aliyoyafanya mwaka ule, ni kumpigia mama mapema Desemba na kumtajia tarehe badala ya ahadi: "Mama, pesa inaingia mwisho wa Januari, si kabla." Mama alikopa kwenye kikoba chake akijua siku ya kulipa. Kama angesema "nitatuma karibuni", mama angemsubiri, na kijana angeripoti shule bila godoro.

Kutuma

Mwisho wa Januari, baada ya kodi ya nyumba na matumizi ya kawaida ya 275, alibaki na kama 940. Akatuma 300. Nyingine 640 hakuzigusa, kwa ajili ya wiki za Mei ambazo angelazimika kukataa shifti kwa sababu ya mitihani.

Kutuma kuna gharama mbili, na moja imejificha. Ya wazi ni ada. Iliyojificha ni kiwango cha kubadilishia pesa. Tuseme siku hiyo kiwango cha sokoni ni shilingi 3,300 kwa pauni. Zile 300 ni 990,000 kamili. Kampuni ya kwanza imeandika kwa herufi kubwa kwamba haitozi ada, ila inakupa 3,180. Zinafika 954,000. Kampuni ya pili inatoza pauni 1.99 lakini inakupa 3,280. Unatoa ada, 298.01 zinabadilishwa, zinafika 977,472. Ile ya "bure" imekula shilingi elfu ishirini na tatu zaidi. Namba hizi ni za mfano, viwango hubadilika kila siku, lakini kipimo hakibadiliki: usitazame ada wala kiwango, tazama shilingi ngapi zitatua kwenye simu ya mama kwa pauni zilezile unazotoa. Programu nzuri inakuonyesha namba hiyo kabla hujabonyeza.

Ada isiyobadilika inawaadhibu wanaotuma kidogokidogo. Kuanzia Februari aliweza kutoa 80 kwa mwezi. Akizituma mara moja ada ni 1.99. Akituma 20 kila wiki, kwa sababu kila wiki kuna aliyeugua au aliyefiwa, analipa 7.96, karibu sehemu moja ya kumi ya pesa yote. Walikubaliana na mama siku moja ya mwezi. Mama ndiye aliyekuwa akigawa, na hilo liliwapunguzia wote simu.

Na ile ya kutolea? Ni halali mama kuidai, kwani wakala wa M-Pesa au Airtel Money humkata yeye. Lakini mwenye duka la magodoro ana lipa namba ukutani. Mama akilipia moja kwa moja kwenye simu, hana haja ya kwenda kutoa kwa wakala.

Njia moja nisiyoipenda ni ya kubadilishana: fulani ana shilingi Dar na anataka pauni, wewe una pauni na unataka shilingi, mnamalizana wenyewe. Kwa ndugu wa kweli inapita. Kwa mtu wa kundi la WhatsApp hujui pauni au shilingi zake zimetoka wapi. Mbaya zaidi ni anayekuomba upokee pauni kwenye akaunti yako ya Uingereza na kuzisogeza mbele, ubaki na kidogo. Huko ni kupitisha pesa haramu. Benki hufunga akaunti, na alama ya ulaghai inaweza kukaa kwenye rekodi yako miaka sita, ukashindwa kufungua nyingine, ukashindwa kupokea hata mshahara.

Kiangazi ambacho si likizo

Juni inafika, vipindi vimekwisha, wa shahada ya kwanza wameondoka na mji umetulia. Wanafanya kazi saa 40 kihalali, kwa sababu kwao ni likizo. Wa uzamili anawaona, naye anajaza shifti.

Kwake si likizo. Miezi ile ni ya tasnifu, krediti 60, saa 600, na kwa kawaida chuo kinaihesabu kuwa muhula kamili. Kikomo cha saa 20 kinaendelea Juni, Julai na Agosti hata kama hakanyagi darasani. Huu ndio mtego ninaouona umewanasa wengi kuliko mwingine wowote, na haukuwanasa wakorofi. Walikuwa waangalifu mwaka mzima, wakaamini macho yao kuliko kalenda ya chuo. Binti aliiandikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa mwezi Mei, akapata jibu la mistari miwili, akalichapisha na kulibandika ndani ya daftari.

Aliwasilisha tasnifu Ijumaa, 4 Septemba 2026. Jumatatu yake msimamizi wa nyumba ya wazee alimwita ofisini, ratiba ya mwezi iko mezani, nafasi zikiwa wazi kama meno ya mtoto.

"Umemaliza, sivyo? Naweza kukupa tano kwa wiki kuanzia leo."

Binti alifungua daftari. Kukabidhi kazi si kumaliza kozi. Kinachohesabiwa ni tarehe rasmi ya mwisho ambayo chuo kimeipa serikali, na yake ilikuwa Ijumaa, 18 Septemba. Baada ya hapo viza yake ina miezi minne zaidi, na ndani ya miezi hiyo saa 20 hazimbani, ilimradi asichukue nafasi ya kudumu ya muda wote. Wiki ya tarehe 14 ilikuwa na siku tano za kozi ndani yake, na hakutaka kubishana na mtu kuhusu Jumamosi na Jumapili zilizobaki.

"Kuanzia Jumatatu ya tarehe 21," alisema. "Mpaka hapo ni ratiba yangu ileile, kama kawaida."

Msimamizi akavuta kalamu ya risasi, akaandika jina lake kwenye tarehe 21, 22, 24, 25 na 27.